Kazi ya Injini Kutokana na Eneo la Mchoro wa Shinikizo na Ujazo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudiwa na wanafunzi wa fizikia na ufundi mitambo wa Mbeya na Iringa, pamoja na mafundi wa mashine za kusaga wanaotaka kujua injini yao inatoa nini hasa ndani ya silinda. Tumetumia injini moja ya mfano tangu mwanzo hadi mwisho, ili namba za jibu moja zikusaidie kwenye jibu linalofuata.

## Misingi

Mchoro huu unaonyesha nini?

Mstari wa chini, wa mlalo, ni ujazo wa gesi iliyo juu ya pistoni. Mstari wa wima ni shinikizo la gesi hiyo. Kila nukta kwenye mchoro ni hali ya silinda kwa wakati mmoja: pistoni iko wapi, na gesi inaisukuma kwa presha gani. Pistoni ikipanda, nukta inakwenda kushoto; ikishuka, inakwenda kulia. Injini ikimaliza mzunguko wake, nukta inarudi ilikoanzia na kuacha kitanzi kilichofungwa.

Muda hauonekani popote kwenye mchoro huu. Injini ikizunguka polepole au haraka, kitanzi kinaweza kuwa kilekile. Ndiyo maana eneo linakupa kazi, lakini nguvu huwezi kuipata mpaka ujue vitanzi ni vingapi kwa sekunde.

Kwa nini eneo liwe ndilo kazi?

Gesi inasukuma pistoni kwa kani inayolingana na shinikizo mara eneo la uso wa pistoni. Pistoni ikisogea kidogo, kazi ni kani hiyo mara umbali uliosogea. Sasa eneo la pistoni mara umbali si kitu kingine ila badiliko la ujazo. Kwa hiyo kazi ya hatua hiyo ndogo ni shinikizo mara badiliko la ujazo, na hicho ni kipande chembamba kilichosimama chini ya mstari wa mchoro. Jumlisha vipande vyote, utapata eneo lote lililo chini ya mstari.

Vipimo vyenyewe vinathibitisha. Kilopaskali 1 mara lita 1 ni jouli 1 kamili. Ukitumia sentimita za ujazo, gawa kwa 1,000. Kariri hilo, maana makosa mengi ya mitihani yanatokea hapo na si kwenye fizikia yenyewe.

Kwa nini tunachukua eneo la ndani ya kitanzi, na si eneo lote hadi chini?

Kwa sababu injini hailipwi bure. Gesi inapotanuka inaisukuma pistoni, na kazi hiyo ni eneo lote chini ya mstari wa juu. Lakini kabla ya hapo pistoni iliigandamiza hewa, na kazi hiyo ilitoka kwenye flaiwili. Ni eneo lote chini ya mstari wa chini. Ukitoa moja kwa jingine, kinachobaki ni sehemu iliyozungukwa na mistari miwili.

Mwelekeo nao una maana. Kitanzi kinachozunguka kama mshale wa saa, yaani kutanuka kukipita juu na kugandamiza kukipita chini, kinatoa kazi. Kikizunguka kinyume, kinakula kazi, kama ilivyo kwa kompresa.

Mchoro wa mtihani ni mstatili tu. Je, ni hesabu ileile?

Ni ileile, ila rahisi zaidi. Kama shinikizo linatoka kPa 100 hadi 300 na ujazo lita 2 hadi 5, eneo ni 200 mara 3, yaani jouli 600. Kosa linalorudiwa ni kuzidisha 300 kwa 5 na kuandika 1,500. Huko ni kupima kuanzia kona ya sifuri ya grafu, wakati kitanzi hakifiki huko.

## Kupima eneo kwa mkono

Injini ya mfano ni ipi?

Ni dizeli ya silinda moja, ya mapigo manne, ya aina inayozungusha mashine nyingi za kusaga mahindi. Kipenyo cha silinda ni mm 95 na mwendo wa pistoni ni mm 115. Ujazo unaofagiwa na pistoni ni sentimita za ujazo 815. Nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa tumeiweka 45, hivyo ujazo unakwenda kutoka 45 hadi 860.

Shinikizo tulilochukua ni la kukadiria lakini la kawaida kwa injini ya namna hii ikiwa Mbeya mjini. Mgandamizo unaanza kPa 80 na kufika kPa 4,294 pistoni ikiwa juu. Dizeli inawaka na kupandisha shinikizo hadi kPa 6,500, linabaki hapo hadi ujazo ufike 75, kisha gesi inatanuka mpaka kPa 273, ndipo valvu ya ekzosi inapofunguka. Mfunguko huo tumeuweka pistoni ikiwa chini kabisa ili hesabu iwe nyepesi. Kwenye injini halisi valvu hutangulia, na kona hiyo ya kulia huwa ya mviringo.

Nichague skeli gani kwenye karatasi ya grafu?

Kwa karatasi yenye miraba midogo ya mm 2, fanya sentimita 1 ya mlalo iwe sentimita za ujazo 50, na sentimita 1 ya wima iwe kPa 500. Kitanzi kitakuwa na upana wa karibu sm 16 na kilele cha sm 13, kinaenea vizuri kwenye karatasi.

Uzuri wa skeli hii ni kwamba mraba mdogo mmoja ni sentimita za ujazo 10 kwa kPa 100, ambayo ni jouli 1 kamili. Mraba wa sentimita 1 ni jouli 25. Hutahitaji kubadilisha chochote mwishoni. Ukihesabu mraba, umehesabu jouli. Kama karatasi yako ina miraba ya mm 1, kila mmoja ni robo ya jouli.

Naihesabu vipi miraba iliyokatwa na mstari?

Anza na miraba mikubwa iliyo nzima ndani ya kitanzi, itie alama kwa penseli, na uipe 25 kila mmoja. Kisha hesabu midogo iliyobaki. Mdogo uliokatwa, uhesabu kama umo ndani kwa nusu au zaidi. Ulio chini ya nusu, uache. Yanayozidi na yanayopungua hufidiana mradi mstari wako ni laini.

Angalia sana mkia wa kulia. Pale ujazo unapofika 600, kitanzi kina unene wa mm 6 tu kwenye karatasi: mstari wa juu uko kPa 435 na wa chini kPa 130. Penseli butu yenye mstari wa nusu milimita inaweza kula sehemu inayoonekana ya eneo hilo. Chonga penseli, na uchukue ukingo mmoja wa mstari kila mara, usichanganye wa ndani na wa nje.

Kuna njia ya haraka kuliko kuhesabu miraba?

Ndiyo, trapeza. Gawa kitanzi kwa mistari ya wima, soma shinikizo la juu na la chini kwenye kila mstari, toa, kisha zidisha wastani wa tofauti mbili jirani kwa upana wa kipande. Hizi ndizo namba za injini yetu:

| Ujazo (cm³) | Chini (kPa) | Juu (kPa) | Tofauti (kPa) |
|---|---|---|---|
| 45 | 4,294 | 6,500 | 2,206 |
| 75 | 2,154 | 6,500 | 4,346 |
| 100 | 1,461 | 4,472 | 3,011 |
| 150 | 845 | 2,640 | 1,795 |
| 250 | 424 | 1,359 | 935 |
| 400 | 225 | 738 | 513 |
| 600 | 130 | 435 | 305 |
| 860 | 80 | 273 | 193 |

Kipande cha kwanza kina tofauti za 2,206 na 4,346. Wastani wake ni 3,276, upana ni 30, kwa hiyo 98,280. Gawa kwa 1,000 upate jouli 98.3. Endelea hivyo kwa vipande vyote saba na jumla itakuwa jouli 702.

Jibu sahihi la kanuni ni jouli 682: kutanuka kunatoa 1,038, kugandamiza kunachukua 356. Tumezidisha kwa karibu asilimia 3, na sababu iko wazi. Tofauti kati ya mistari miwili inapungua kwa kujipinda kuelekea chini, na trapeza inaunganisha nukta mbili kwa mstari ulionyooka unaopita juu ya pindo hilo. Ongeza nukta kwenye ujazo wa 200 peke yake, ambako tofauti ni kPa 1,243, na jumla inashuka kwa jouli 6.

Nimetumia vipande vya upana sawa nikapata jibu dogo sana. Kwa nini?

Kwa sababu kazi nyingi iko kushoto. Tukigawa injini yetu vipande vinne vya upana sawa, tunapata jouli 581 tu, pungufu kwa asilimia 15. Kipande cha kwanza kinaanzia 45 na kuruka hadi karibu 249, hivyo kilele chote cha pale 75 hakijasomwa kabisa.

Vipande viwe vyembamba pale mstari unapobadilika kwa kasi, na vipana pale unapotulia. Weka pia nukta kwenye kila kona ya kitanzi. Kona isiyosomwa haiwezi kufidiwa na vipande vingi vya upande mwingine.

Na kwenye kompyuta?

Panga nukta zote kwa kufuata mzunguko: anza pistoni ikiwa chini, panda na mgandamizo, shuka na kutanuka, kisha urudie nukta ya kwanza mwishoni. Ujazo ukiwa safu ya A na shinikizo safu ya B, andika kwenye C3 kisha uburute hadi chini:

```
=(A3-A2)*(B3+B2)/2/1000
```

Jumla ya safu ya C ni kazi kwa jouli. Wakati wa kugandamiza ujazo unapungua, kwa hiyo namba zinatoka hasi zenyewe. Jumla yote ikitoka hasi wakati injini inafanya kazi, umepanga nukta kinyume. Ukisahau kurudia nukta ya kwanza, angalia kama nukta ya mwisho na ya kwanza zina ujazo uleule. Kama hazina, kitanzi chako hakijafungwa na jibu si la kuaminika.

## Kutoka eneo hadi nguvu

Jouli 682 ni kilowati ngapi?

Injini ya mapigo manne inahitaji mizunguko miwili ya krenki kwa kitanzi kimoja. Kwa kasi ya mizunguko 2,000 kwa dakika, vitanzi ni 1,000 kwa dakika, au 16.7 kwa sekunde. Zidisha 682 kwa 16.7: ni kama kW 11.4. Usipogawa kwa mbili utaipa injini ndogo ya kusaga nguvu maradufu, na jibu linalozidi sana namba ya kibati cha injini ni dalili ya kosa hilo. Kwa injini ya mapigo mawili hugawi, kwa kuwa kila mzunguko wa krenki una kitanzi chake.

Shinikizo la wastani lina faida gani?

Gawa kazi kwa ujazo uliofagiwa: jouli 682 kwa lita 0.815 ni kPa 837. Hili ni shinikizo ambalo, kama lingekaa bila kubadilika pistoni ikishuka mara moja, lingetoa kazi ileile. Faida yake ni kulinganisha injini ndogo na kubwa kwa haki, kwa kuwa ukubwa wa silinda umeshaondolewa. Hata hivyo usilichanganye na kilele cha kPa 6,500, ambacho ndicho kinachotesa gasketi na boliti za silinda hedi.

Kitanzi chembamba cha chini nikihesabu au nikiache?

Inategemea unatafuta nini, ila useme umefanya lipi. Kwenye mapigo manne, pistoni inasukuma moshi nje kwa shinikizo lililo juu kidogo ya hewa ya nje, na kuvuta hewa mpya kwa shinikizo lililo chini kidogo. Mistari hiyo miwili inafanya kitanzi kinachozunguka kinyume cha saa, kwa hiyo kinakula kazi.

Tuseme kutoa moshi ni wastani wa kPa 95 na kuvuta hewa ni kPa 77. Tofauti ya 18 mara lita 0.815 ni karibu jouli 15. Kazi inayobaki ni 667, sawa na kW 11.1. Kwa skeli yetu kitanzi hicho hakina hata nusu milimita ya unene, hivyo kichore peke yake kwenye grafu nyingine ambako sentimita 1 ya wima ni kPa 10. Kikinenepa kuliko ulivyozoea, kagua chujio la hewa na bomba la ekzosi.

Kwa nini shafti inatoa pungufu ya namba hiyo?

Kitanzi kinapima kazi ya gesi juu ya pistoni tu. Kati ya hapo na puli kuna msuguano wa ringi, beringi, pampu ya dizeli na valvu. Ukifunga breki ya kupimia na kusoma kW 8.5 wakati kitanzi kinatoa 11.1, injini inafikisha asilimia 77 na kW 2.6 zinaishia kuwa joto la msuguano. Shafti ikionekana kutoa zaidi ya kitanzi, usifurahi. Vipimo vina kosa, na mara nyingi ni lile la alama ya pistoni kuwa juu kabisa, lililoelezwa mwishoni.

## Nyanda za juu

Kipimo changu kinasoma sifuri kikiwa hewani. Niongeze kPa 101?

Si Mbeya. Kwa mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa ina shinikizo la kPa 82 au 83. Hiyo 101 ni ya usawa wa bahari.

Lakini ukitafuta eneo la kitanzi pekee, hata usipoongeza kitu jibu ni lilelile. Kuongeza namba moja kwenye nukta zote kunapandisha kitanzi kizima bila kukibadilisha umbo. Kosa linauma pale unapotafuta kazi ya hatua moja, halijoto, au kipeo cha mgandamizo. Mfano: kugandamiza kwetu kwa jouli 356 kukihesabiwa kwa shinikizo lililozidishwa kPa 18.5 kunaongezeka jouli 15, na kutanuka kunaongezeka 15 hizohizo, kisha zinafutana.

Injini ileile ikishushwa Kyela, kitanzi kinabadilikaje?

Kyela iko karibu na Ziwa Nyasa, chini ya Mbeya kwa zaidi ya kilomita moja, na hewa yake ina kPa 95 hivi. Mgandamizo ukianza kPa 93 badala ya 80, unafika karibu kPa 4,990 juu, na kazi ya kugandamiza inapanda kutoka jouli 356 hadi 413.

Watu husikia hivyo wakadhani injini itadhoofika Kyela kwa sababu inagandamiza kwa taabu. Sivyo, maana kazi hiyo inarudishwa karibu yote wakati wa kutanuka. Kinachobadilika kweli ni uzito wa hewa iliyoingia. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi zaidi inaungua vizuri na mstari wa juu unapanda. Ukipandisha injini kutoka Kyela hadi Mbeya bila kupunguza dizeli, sehemu ya dizeli inakosa hewa ya kuungulia: moshi unakuwa mweusi, kuungua kunachelewa, na eneo haliongezeki kwa kadiri ya mafuta yaliyomwagwa.

## Vipimo halisi na makosa yake

Kifaa kinanipa shinikizo kwa digrii za krenki. Napataje ujazo?

Kwa nusu ya mwendo wa pistoni r, urefu wa konrodi L, eneo la pistoni A na nafasi ya juu Vc:

```
V = Vc + A*(r + L - r*cos(t) - sqrt(L^2 - r^2*sin(t)^2))
```

Pembe t inaanzia pistoni ikiwa juu kabisa. Usiiache konrodi. Kwa r ya mm 57.5 na konrodi ya mm 210, krenki ikifika digrii 90 pistoni imeshashuka mm 65.5, si 57.5. Anayetumia kosini peke yake anaweka shinikizo sahihi kwenye ujazo usio sahihi.

Mistari inapishana karibu na kilele. Injini ni mbovu?

Kabla ya kuifungua, kagua alama ya pistoni kuwa juu kabisa. Kosa la digrii 1 tu linaweza kubadilisha kazi kwa asilimia 5 au zaidi, kwa sababu kitanzi kimejaa kushoto ambako shinikizo ni kubwa. Shinikizo likionekana kuchelewa, mstari wa kutanuka unapanda na wa kugandamiza unashuka, eneo linanenepa bila sababu. Likionekana kuwahi, eneo linakonda. Bomba refu linalopeleka gesi kwenye kipimo nalo huchelewesha, tena huleta mawimbi madogo kwenye mstari.

Jaribio lake ni kuzungusha injini bila dizeli. Hapo shinikizo linapaswa kufika kilele kabla kidogo tu ya pistoni kufika juu, kiasi cha digrii 1 au chini yake, kwa sababu joto linapotea kwenye kuta za silinda. Likifika kilele baada ya pistoni kuanza kushuka, alama yako imewekwa vibaya.

Kisha chora logi ya shinikizo dhidi ya logi ya ujazo. Mgandamizo unapaswa kuwa mstari ulionyooka wenye mteremko wa kati ya 1.3 na 1.4, wetu ni 1.35. Ukijipinda mwanzoni, pengine umeongeza shinikizo la hewa lisilo la mahali ulipo. Ukijipinda karibu na kilele, pengine nafasi ya juu uliyoiweka si sahihi: ipime kwa kumimina mafuta mepesi kwenye silinda kwa bomba la sindano la mililita, valvu zikiwa zimefungwa na pistoni ikiwa juu.

Mistari ikiendelea kupishana baada ya ukaguzi huo wote, sasa ni haki kutilia shaka ringi na valvu. Ringi zinazovuja huonekana kwenye mgandamizo: badala ya kPa 4,294 unasoma pungufu sana, na mteremko wa logi unalegea kadiri pistoni inavyopanda. Dizeli inayomwagwa kwa kuchelewa ni tofauti. Mgandamizo unabaki mzima, lakini kilele kinakuwa kifupi na kusogea kulia, na kitanzi kinakosa bega lake la kushoto.